Tangi Lilikuwa Safi, Mchanga Ulitoka Wapi?

Fundi alifungua mpira wa maji nyuma ya mashine ya kufulia, akauweka kando, kisha kwa koleo ndogo akavuta kichujio cha plastiki kilichojificha ndani ya tundu la kuingizia maji. Akakigonga kwenye kiganja chake. Kikamwaga mchanga laini wa kahawia uliochanganyika na vipande vyeusi.

"Dada, tangi la nyumba hii huwa linasafishwa kweli?"

"Limesafishwa mwezi huu huu, fundi."

Akatazama kiganja, akanitazama mimi.

"Basi huu umetoka wapi?"

Mashine ilikuwa imeanza kujaza maji polepole mno, mwishowe ikawa inasimama katikati na kuonyesha alama ya hitilafu. Kusafisha kichujio kulichukua muda mfupi tu, na fundi akaenda zake. Swali lake ndilo lililobaki. Kikumbusho cha tangi kilikuwa kimelia kwenye simu kwa tarehe yake. Tangi lilimwagwa, likasuguliwa, likatiwa klorini, likasuuzwa. Hakuna hatua iliyorukwa. Na bado, wiki chache baadaye, mchanga.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na limenifanya nivunje ratiba yote ya matunzo ya nyumba na kuipanga upya.

## Kuuliza mchanga wenyewe

Katika nyumba ambayo tangi linapokea maji ya bomba na maji ya paa kwa pamoja, uchafu ndani ya mashine una vyanzo vichache. Unaweza kuwa chokaa kutoka kwenye hita. Unaweza kuwa umeingia na maji ya bomba. Unaweza kuwa mashapo ya zamani ya tangi yaliyotibuliwa. Au umeshuka kutoka kwenye paa.

Hita niliitoa kwenye orodha mapema, kwa sababu mashine yetu huchota maji baridi tu na kuyapasha yenyewe. Hata hivyo nilitaka uhakika, nikatia punje chache kwenye kijiko na kuzidondoshea siki. Chokaa ikikutana na siki hutoa vipovu. Hizi hazikutoa hata kimoja.

Bomba la maji lina chujio lake kabla ya kufika kwenye boya la tangi. Nililifungua. Wavu ulikuwa safi.

Mashapo ya zamani hayakuwezekana, kwani sakafu ya tangi ilikuwa imesuguliwa hadi ikang'aa.

Lililobaki ni paa, na vile vipande vyeusi vilithibitisha. Nilivitandaza kwenye karatasi nyeupe chini ya taa kali: vilikuwa vijipande vya majani yaliyooza, pamoja na uchafu wa kijani kibichi uliokauka, ule unaoota mahali penye unyevu wa kudumu. Ndani ya tangi lenye giza kitu hicho hakioti. Huota kwenye gata.

Nikaweka ngazi, nikaingiza mkono kwenye gata. Vidole vilizama kwenye tope.

## Tarehe sahihi, zamu isiyo sahihi

Tangi lilisafishwa mwishoni mwa kiangazi. Kikumbusho cha paa na gata nacho kilikuwepo, lakini kilikaa kwenye tarehe ya baadaye, kwa kuwa viwili hivyo viliingizwa kwenye simu kwa nyakati tofauti kama kazi mbili zisizojuana. Katikati yake ikanyesha mvua ya kwanza.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo inayoosha paa. Vumbi la miezi yote, kinyesi cha ndege, majani, wadudu waliokufa, vyote hushuka na maji yale ya mwanzo. Kama gata nayo imejaa tope, maji hulitibua na kulibeba. Kwa hiyo tangi lililokuwa safi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka lilipokea maji machafu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vikumbusho vya nyumba, angalau vile vinavyohusu maji, haviwezi kupangwa kila kimoja peke yake. Maji yana njia moja: paa, gata, bomba la kushushia, tangi, kisha mabomba ya ndani, hita, vichujio vya mashine na vichwa vya bafu. Kinachoachwa juu hakikai juu. Ukisafisha sehemu ya chini kabla ya ile iliyo juu yake, umefanya kazi ambayo itadai kurudiwa.

Sasa kikumbusho cha kwanza cha mwaka ni cha paa. Cha tangi hakina tarehe ya kudumu. Kinaandikwa baada ya gata kusafishwa, si kabla.

## Paa: mwangaza kwanza, mvua baadaye

Paa nalikagua mara mbili kwa msimu, na kila mara natafuta kitu tofauti.

Ukaguzi wa kwanza ni wiki nne hivi kabla ya mvua kutarajiwa, ili kukipatikana tatizo pawepo nafasi ya kumpata fundi. Unafanywa mchana wa jua kali, ndani ya dari, bila tochi. Unaingia, unafunga mlango wa dari, unakaa kimya mpaka macho yazoee giza. Kila tundu la bati litajionyesha kama nukta ya mwanga. Ni njia rahisi kuliko kutembea juu ya paa, na haihatarishi mtu kuanguka. Ukiwa mle ndani ukanyage mbao za kenchi tu, kamwe usikanyage ubao wa dari.

Kama ni lazima kupanda juu, mguu unawekwa kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake ndipo ilipo papi. Kukanyaga bati katikati ya papi mbili kunalikunja, na mkunjo mdogo penye maungio unatosha kupitisha maji. Huko juu kitu cha kutazama kwanza ni mpira ulio chini ya kichwa cha kila msumari au skrubu. Jua huukausha, ukapasuka, na maji yakapenya pembeni mwa msumari huku bati lenyewe likiwa zima kabisa. Baada ya hapo ni kofia ya paa, sehemu bati linapokutana na ukuta, na kila mahali ambapo bomba limetoboa paa. Majani yaliyolundikana huondolewa hata kama hayazuii maji, maana hushikilia unyevu juu ya bati na kutu huanzia hapo.

Ukaguzi wa pili hauna tarehe. Unafanywa mvua kubwa ya kwanza ikiwa inanyesha, tena ndani ya dari, safari hii na tochi. Doa la maji kwenye dari mara nyingi haliko chini ya tundu lenyewe. Maji huingia juu, yakafuata ubao wa kenchi ulioinama, yakadondoka mbali. Mvua ikiwa inanyesha unaweza kuufuata mstari wa maji kwenye ubao mpaka mahali yanapoingilia, ukaweka alama kwa chaki. Mvua ikikatika, unabaki kubahatisha.

Simu haiwezi kukukumbusha jambo lisilo na tarehe. Nimefunga karatasi kwenye mpini wa tochi: *Mvua ikinyesha kwa nguvu, panda darini na chaki.* Naamini tochi itashikwa siku hiyo kuliko ninavyoiamini kalenda.

## Lita za kwanza zimwagwe

Hata gata likiwa safi, paa lenyewe litaoshwa na mvua ya kwanza. Hapa hesabu husaidia, na ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye eneo la mita 100 za mraba, likipimwa kwa kivuli chake chini wala si kwa mteremko wake, hutoa lita 100 kwa kila milimita. Ukiamua kumwaga milimita ya kwanza, unahitaji mahali pa kuzielekeza lita 100.

Wengi huweka bomba la wima lililofungwa chini, likajaa maji ya kwanza kabla yanayofuata hayajaelekea kwenye tangi. Wazo ni zuri, ila bomba lenye upana wa ndani wa sentimita 10 hubeba karibu lita 8 tu kwa kila mita ya urefu. Mita mbili za bomba zitakamata lita 16, na lita nyingine 84 za maji machafu zitaingia kwenye tangi. Kwa paa kubwa ni afadhali pipa.

Liwe bomba au pipa, linatakiwa kuwa tupu mvua inayofuata ikianza. Sisi tuliweka koki chini yake inayoachwa ikidondosha tone moja moja. Tundu la koki hiyo huziba kwa uchafu, kwa hiyo nayo ikapata kikumbusho chake: kila mwezi wakati wa mvua, na kimya wakati wa kiangazi.

## Siku ya tangi

Maandalizi huanza siku kadhaa kabla. Unafunga maji yanayoingia na kuendelea kutumia yaliyomo mpaka yabaki kina cha kiganja. Kikumbusho chetu kimegawanywa mara mbili kwa sababu hii: cha kwanza kinasema *funga koki ya kuingiza*, na cha pili, siku chache baadaye, *sugua*. Kilipokuwa kimoja, siku ya kazi ilimkuta kila mtu na tangi lililojaa, na jibu la kawaida lilikuwa kuahirisha.

Kinachobaki hutibuliwa kwa brashi na kutolewa kupitia koki ya chini. Kuta husuguliwa kwa brashi ya nyuzi za plastiki na maji tu. Brashi ya chuma huchuna plastiki, na kila mchubuko huwa maficho ya utelezi. Sabuni husumbua sana kuisuuza.

Kuta ni lazima zisuguliwe hadi juu kabisa, kupita mstari wa maji. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai yake kwenye ukuta, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi, yakasubiri maji yapande. Ukimwaga maji na kusugua sakafu peke yake, yanabaki palepale. Siku hiyohiyo natazama wavu kwenye bomba la kumwagia maji yanayozidi, na kama mfuniko unakaa vizuri. Mwanga wowote unaoonekana ndani ya tangi mfuniko ukiwa umefungwa unalisha mwani.

Jambo moja sikubali lifanywe kwa haraka: mtu kuingia ndani ya tangi. Hewa ya mle ni ndogo, na mvuke wa klorini au moshi wa pampu ya injini unaweza kumwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Tangi linalofikika kwa brashi ya mpini mrefu lisafishwe kutoka nje. Likilazimu kuingiwa, mfuniko uwe wazi, hewa iwe inapita, klorini isiwepo bado, na mtu wa pili asimame juu wakati wote akiwa na njia ya kumvuta aliye ndani.

Kisha klorini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unatumia gramu 80 za klorini ya punjepunje, ile kali inayouzwa kwa ajili ya maji, kwa kila lita 1000 za ujazo wa tangi. Maji huachwa humo saa 24. Tangi la lita 2000 linahitaji basi gramu 160. Mwenye haraka huongeza dozi mara mbili na kusubiri saa 8. Kama iliyopo ni klorini ya majimaji yenye nguvu ya asilimia 5, lita moja kwa kila lita 1000 za tangi hutoa kiwango kilekile, mradi isiwe na manukato wala sabuni na isiwe imekaa muda mrefu, maana nguvu yake hupungua ikikaa, hasa penye joto. Jaza robo ya tangi kwanza, tia dawa, halafu endelea kujaza mpaka juu. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, hasa yenye asidi au amonia. Gesi inayotoka ni sumu.

Fungua bomba la mwisho la nyumba mpaka unuse klorini, kisha funga, ili mabomba nayo yapate dawa. Kabla ya hapo funga koki za hita na za mashine ya kufulia. Baada ya muda wake maji hayo hayanywewi. Yanamwagwa mbali na mimea, mifugo na vijito, tena yasipelekwe yote kwenye shimo la maji taka, kwa kuwa yataua vijidudu vinavyofanya kazi mle. Tangi linasuuzwa, linajazwa upya.

## Miezi sita ya nani?

Hapa ndipo nilipokaa na shaka muda mrefu kuliko penginepo. Kila mtu ana namba yake. Mmoja atakwambia miezi mitatu, mwingine sita, mwingine mwaka. Wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa tangi lake.

Mashapo hujikusanya kwa kasi inayotegemea maji yanayoingia, na kasi hiyo inaweza kupimwa. Natumia mrija mgumu wa plastiki inayoonyesha, mrefu kupita kina cha maji, uliooshwa kwa klorini. Asubuhi, kabla maji hayajaguswa, naushusha wima taratibu mpaka ugonge sakafu, naziba tundu la juu kwa kidole gumba, nauinua. Chini ya mrija kunabaki mkanda wa tope. Naupima kwa rula.

Kipimo hicho kinalinganishwa na kimo cha bomba linalopeleka maji ndani ya nyumba. Chukua tangi ambalo bomba lake limetobolewa sentimita 8 juu ya sakafu. Baada ya miezi sita, tope lina sentimita moja. Kwa mashapo peke yake, tangi hilo halina haraka, na kikumbusho kinaweza kusogezwa hadi miezi tisa. Kama tope lina sentimita 4, limefika nusu ya njia, na maji yanayoanguka kutoka juu wakati wa kujaza yatalitibua hadi lifike kwenye bomba. Kikumbusho kirudishwe miezi mitatu, na muhimu zaidi, atafutwe mkosaji huko juu: gata, pipa la maji ya kwanza, au chujio.

Kuna mpaka ambao rula haiwezi kuuvuka. Utelezi wa kuta na mayai ya mbu havionekani kwenye mrija. Kwa sababu hiyo, hata tope likiwa kama karatasi, mimi sipitishi mwaka. Na kipimo chenyewe kinachukuliwa baada ya msimu wa mvua. Mrija ulioshushwa katikati ya kiangazi utasifia tangi bure.

Tumefanya pia badiliko moja la bomba. Maji ya paa yalikuwa yanaanguka kutoka juu ya tangi moja kwa moja. Fundi aliyashusha kwa bomba hadi karibu na sakafu, akaligeuza mdomo wake utazame juu. Maji sasa hupanda taratibu, na tope hubaki lilipolala.

## Simu haijui ulifanya lini

Kalenda ya simu, ukiiambia irudie kila miezi sita, huhesabu kutoka tarehe ya kwanza uliyoiweka. Tangi likicheleweshwa miezi miwili kwa sababu yoyote, kikumbusho kinachofuata kitalia miezi minne baada ya kazi, wala si sita. Ukiahirisha tena, ratiba na hali ya tangi vinaachana kabisa, na mtu anaanza kuzima mlio bila kusoma.

Nimeacha kurudia kwa moja kwa moja kwa kazi za maji. Kila kazi ikimalizika, kabla ndoo hazijarudishwa, kinaandikwa kikumbusho kimoja kipya, na ndani yake yale yaliyoonekana. Cha tangi kwa sasa kinasomeka hivi:

*Tangi. Tope sentimita 2 baada ya mvua, bomba liko sentimita 8. Wavu wa pembeni umebadilishwa. Gata kwanza! Brashi ndefu iko nyuma ya mlango wa stoo. Koki ya chini ni ngumu, beba spana.*

Mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuufanyia kazi ujumbe huo mimi nikiwa safarini. Ule wa zamani ulisema tu *safisha tangi*.

## Hita, na fimbo inayoliwa

Chini ya njia ya maji kuna hita, ambayo wengi huikumbuka ikianza kuvuja. Ikivuja tangi lake la ndani, hakuna cha kutengeneza.

Ndani ya hita nyingi zenye tangi la chuma kuna fimbo ya magnesi au alumini, iitwayo anodi. Imewekwa humo iliwe. Maji huila fimbo badala ya chuma cha tangi, na ikiisha, zamu ya tangi hufika. Kasi yake inategemea maji. Yenye chumvi nyingi huimaliza mapema, na maji ya mvua ni tofauti na ya bomba. Kwa hiyo mwaka wa kwanza inafunguliwa na kutazamwa, na inachoonyesha ndicho kinachopanga mwaka unaofuata. Kama waya wa katikati umejitokeza kwa urefu wa shibiri, au fimbo imebaki na unene wa sentimita moja na kitu, inabadilishwa. Kama imeliwa kidogo tu, inarudishwa, na kikumbusho kinapewa miaka miwili.

Siku hiyohiyo hita inamwagwa chini. Umeme unazimwa kwenye swichi kuu na maji yanaachwa yapoe kwanza. Punje nyeupe zikitoka, zidondoshee siki: hizi zitatoa vipovu, na ndizo zinazofanya hita igongegonge inapopasha. Mchanga wa kahawia ukitoka, rudi juu kwenye tangi. Umeme haurudishwi mpaka bomba la maji moto litoe maji mfululizo bila hewa, kwa sababu kipasha maji kikiwaka kikiwa kikavu huungua.

Vichujio vya mashine ya kufulia, kile cha kuingizia maji na kile cha pampu chini mbele, nimeviweka miezi mitatu kila kimoja. Cha kuingizia kikitoka safi mara mbili mfululizo wakati wa mvua, nitajua sehemu za juu zinafanya kazi, nami nitaisogeza tarehe yake.

## Vitu visivyotoa dalili

Kipimo cha mrija kilinipendeza sana, nikataka kila kitu ndani ya nyumba kipangwe hivyo. Friji, kwa mfano, inakubali: vumbi kwenye mirija ya nyuma au ya chini hujikusanya taratibu kama tope, unalitazama, unalisafisha kwa brashi, unaona lilikuwa jingi kiasi gani, unapanga tena. Kwetu imekuwa miezi sita, kwa kuwa paka analala karibu nayo. Chujio la kiyoyozi ni hivyohivyo.

Lakini kuna vitu ambavyo havijazi wala havipungui mbele ya macho. Huwa vizima, kisha siku moja vimepasuka. Mpira wa kuingizia maji kwenye mashine ya kufulia ni mmoja wao. Uko kwenye shinikizo saa zote koki ikiwa wazi, na unaweza kupasuka nyumba ikiwa haina mtu. Ukiutazama unaweza kuona uvimbe karibu na maungio, au kutu kwenye pete, na ukiona hayo unabadilisha leo. Usipoyaona, hujapata uhakika wowote. Mpira wa gesi ni vivyo hivyo, ila huo kwa kawaida una tarehe iliyochapishwa ubavuni, na tarehe hiyo inafuatwa.

Kwa vitu vya namna hii ukaguzi peke yake hautoshi. Umri ndio kipimo. Mpira wa mashine kwetu unabadilishwa kabla ya kutimiza miaka mitano, hata ukiwa unang'aa. Mpya unapofungwa, tarehe inaandikwa juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika, upande unaotazama chumba ili isomeke bila kuisogeza mashine, na koki yake inafungwa kila nguo za mwisho zinapotolewa.